Balansi inasoma sifuri, usukani bado unatetemeka: pima upogo wa gurudumu

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Premio ya 2004, tairi 195/65R15, rimu za sport nilizonunua mtumba. Ikifika 80 mpaka 100 usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Nimefanya wili balansi mara nne, sehemu tatu tofauti, na kila mahali mashine inaonyesha sifuri. Alaimenti nimefanya. Mmoja kaniambia ninunue shafti mbili. Shemeji yangu ana dayo geji na kitako cha sumaku, anaitumia kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Inaweza kunisaidia? Nipime wapi, na namba ipi ni mbaya?

Jibu: Inaweza, ndugu yangu, na hela ya shafti kaa nayo kwanza. Kabla hujaazima geji, fanya jambo moja barabarani. Ukiwa kwenye 90 na usukani unatetemeka, ondoa mguu kwenye mafuta gari lijiendee lenyewe. Shafti iliyokufa kiungo cha ndani hutikisa gari unapokanyaga mafuta, na ukiachia hutulia papo hapo. Ikiwa mtetemo wako unaendelea vilevile mpaka mwendo ushuke chini ya 75 au 80, shafti haihusiki. Na kama mtetemo unakuja ukikanyaga breki tu, hapo ni diski, si habari ya leo.

Ngoja nikueleze kwa nini mafundi watatu wenye mashine nzima wameshindwa, kwa sababu hapo ndipo kipimo chako kitakapopata maana. Mashine ya balansi inapima uzito, haipimi umbo. Inazungusha gurudumu hewani, halijagusa chochote, na inatafuta upande mzito. Tairi likiwa na umbo la yai, mashine itakuambia uweke risasi gramu kadhaa, utaziweka, itasoma sifuri, na yai litabaki yai. Barabarani yai hilo linabeba gari. Kila nundu inapofika chini inasukuma ekseli juu, kila bonde likifika chini ekseli inashuka, na kwenye 90 gurudumu lako linazunguka karibu mara kumi na mbili na nusu kwa sekunde.

Linganisha nguvu zenyewe. Risasi ya gramu 30 iliyokosekana kwenye rimu ya inchi 15, kwa mwendo wa 90, inavuta kama kilo 3 na nusu. Tairi la saizi yako hubonyea takriban milimita 1 kwa kila kilo 20 za mzigo, kwa hiyo gurudumu lenye nundu na bonde vilivyoachana milimita 1.6 linapiga kama kilo 16 juu ya wastani na kilo 16 chini yake, kila mzunguko. Ndiyo maana unaweza kubandika risasi mpaka rimu ijae na usukani usitulie. Na unatetemeka 80 mpaka 100 tu kwa sababu chuma cha mbele cha gari dogo, yaani habu, gurudumu na springi vikiwa pamoja, kina mdundo wake wa asili wa karibu mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Gurudumu likigonga kwa mdundo huohuo, mtikisiko unakua. Ukipita 110 unaweza hata kupungua.

Upogo tunaoutafuta ni wa aina mbili. Upo upogo wa kimo, ambapo ukingo wa gurudumu unapanda na kushuka likizunguka, kama mfano wa yai. Na upo upogo wa pembeni, ambapo gurudumu linapepea kushoto na kulia kama ringi ya baiskeli iliyopinda. Wa kimo unagonga gari juu chini na kuja kwenye usukani kwa mwendo mkubwa. Wa pembeni ukiwa mkubwa unaanza kujionyesha hata kwenye 30 au 40, pua ya gari ikitikisika kama inakataa. Kwa maelezo yako ningeanza na wa kimo, ila pima vyote, maana geji ikishasimama kazi ya pili ni dakika tano.

Sasa maandalizi. Endesha gari kama kilomita 15 kabla ya kupima, na ukifika liinue kwa jeki hapohapo, lisisimame. Tairi lililolala usiku kucha lina ubapa sehemu iliyogusa chini, na ubapa huo utausoma kwenye geji ukadhani ni ugonjwa. Upepo uwe sahihi. Weka stendi imara chini ya chesisi, kaba magurudumu ya nyuma, gia iwe N. Kisha shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likilegea, beringi au boljointi imekufa, na hakuna namba utakayoisoma yenye maana mpaka hilo litengenezwe.

Geji ya shemeji yako nadhani ni ile ya kawaida, mshale mkubwa ukizunguka mara moja ni milimita 1, na uso umegawanywa mistari 100, kila mstari ni 0.01. Shida ya watu wengi ni pa kuikalisha. Sumaku haishiki sakafu ya zege, na ukiibandika kwenye jeki, jeki inayumba. Mimi hutumia diski ya breki ya zamani. Nailaza sakafuni, sumaku inashika juu yake, na uzito wake hauondoki mahali. Mkono wa geji ukaze nati zote, maana mkono uliolegea nati moja unaongeza upogo wako wa uongo.

Ncha ya geji lazima iguse uso kwa kunyooka, isije kwa mshazari. Kwa upogo wa kimo, ielekeze kwenye kitovu cha gurudumu. Kwa upogo wa pembeni, iwe sambamba na ekseli. Ikija kwa mshazari, namba itakayoonyesha siyo umbali halisi. Isukume ndani kama milimita 2 kabla ya kuanza, ili iwe na nafasi ya kufuata bonde na nundu. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono, upande mmoja tu, bila kuegemea gari. Tafuta mahali pa chini kabisa, zungusha uso wa geji mpaka mshale usome sifuri, kisha endelea mzunguko mzima. Sehemu inayosoma juu kabisa ndiyo upogo wako. Tia alama ya chaki kwenye nundu, na alama nyingine kwenye bonde. Alama hizi ni muhimu kuliko namba yenyewe, utaona mbele.

Anza na tairi likiwa garini kama lilivyo. Ncha ya geji ikipita kwenye kashata, yaani uso wa tairi unaogusa barabara, itarukaruka kwenye mifereji, kwa hiyo zungushia tairi lote teipu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, katikati ya kashata, ukiivuta iwe bapa. Ncha iteleze juu ya teipu. Kwa upogo wa pembeni, weka ncha kwenye ubavu wa tairi karibu na bega, sehemu isiyo na maandishi. Ubavuni utaona vibonde vidogo ambapo nyuzi za ndani zimeunganishwa. Hivyo ni vya kawaida, usivihesabu. Angalia mwendo wa jumla wa mshale.

Na mwendo huo ndio unaozungumza. Mshale ukipanda taratibu nusu mzunguko na kushuka taratibu nusu iliyobaki, kitu kizima kimekaa nje ya kitovu au kimeinama. Mshale ukitulia karibu mzunguko wote kisha ukaruka ghafla ndani ya upana wa kiganja, pale pana kidonda. Kama ni kwenye tairi, yawezekana waya za ndani zimeachana na mpira umevimba. Tairi hilo usilipime tena wala usilirudishe barabarani, linaweza kupasuka. Kama ni kwenye rimu, shimo la barabarani limekunja ukingo.

Vitabu vingi vya ukarabati hukubali gurudumu zima, tairi likiwa juu ya rimu na gari, lisizidi milimita 1.5 kwa kila upogo. Mimi kwa gari dogo linalolalamika kwenye usukani sitosheki na 1.5. Nikiona zaidi ya 1.0 kwenye magurudumu ya mbele ninaendelea kutafuta. Ukikuta magurudumu yote manne yako chini ya hapo, umbo si mgonjwa wako. Ukikuta moja limezidi, kazi inayofuata ni kujua lawama ni ya nani, maana vitu vitatu vimepangana pale: habu, rimu na tairi. Namba ya tairi ni jumla ya makosa ya wote watatu, na makosa hayo yanaweza kujumlishana au kufutana kutegemea yameelekea wapi.

Kwa hiyo shuka kwenye rimu. Bila kulivua gurudumu, weka ncha kwenye ukingo wa nje wa rimu. Upande wa pembeni ni rahisi. Wa kimo, gusa sehemu ya mlalo ya ukingo, sio kwenye rangi iliyobabuka wala palipobanwa risasi. Kisha lala chini na upime ukingo wa ndani pia. Mashimo yetu hukunja ukingo wa ndani zaidi ya wa nje, na kwa kuwa huuoni ukisimama, rimu inaonekana nzuri. Rimu ya chuma isizidi kama milimita 1.0, rimu ya sport iwe chini ya 0.75. Kama una kitabu cha gari lako, fuata namba zake kuliko zangu. Kipimo safi kabisa cha kimo ni tairi likiwa limevuliwa, ncha ikiwa pale tairi linapokalia rimu, kwa sababu ukingo wa nje unaweza kuwa umegongwa na chuma cha kuvulia tairi bila pale tairi linapokaa kuharibika.

Habu ni ya mwisho. Vua gurudumu na diski, sumaku ibandike kwenye chuma cha nako, ncha iguse uso wa habu nje ya duara la stadi, zile skrubu zinazopokea nati. Hapa hatuzungumzii milimita, tunazungumzia mistari: 0.05 ndiyo kikomo unachokikuta kwenye vitabu vingi. Sababu ya ukali huo ni rahisi. Uso wa habu una upana wa kama milimita 140, tairi lako lina kimo cha kama 634. Ganda la kutu lenye unene wa 0.1 upande mmoja wa habu linakuwa karibu 0.45 ukifika kwenye bega la tairi. Kabla ya kulaumu habu, isugue kwa msasa na brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na mgongo wa rimu vilevile. Nimeshatoa punje ya mchanga iliyobanwa kati ya rimu na diski, na upogo wa pembeni ukashuka zaidi ya nusu bila kubadilisha kitu.

Nikupe kisa kimoja kizima, kwa sababu kinafanana na chako kuliko unavyodhani. Gari lilikuwa sedani ya Toyota yenye habu kama ya kwako, tairi 195/65R15, rimu za sport za mtumba. Balansi mara tatu, sifuri kila upande. Gurudumu la mbele kushoto lilisoma 0.6 ya kimo na 0.5 ya pembeni, safi. La mbele kulia likasoma 1.6 ya kimo, pembeni 0.6. Mshale ulikuwa unapanda na kushuka taratibu, bila kuruka, kwa hiyo nikajua si kidonda, kuna kitu hakiko kitovuni.

Nikapima rimu palepale garini. Kimo 0.9, pembeni 0.3. Nundu ya rimu na nundu ya tairi zilikuwa karibu upande mmoja. Mtu mwenye haraka angesema rimu imepinda, peleka ikanyooshwe. Lakini rimu ikipinda kwa kawaida hupinda pote pawili, kimo na pembeni, na mara nyingi kwa kuruka, si kwa upole. Upogo mkubwa wa kimo na pembeni pasafi ulinitia shaka.

Hapo huwa nafanya jaribio ambalo sijaona mafundi wengi wakilifanya, na ndilo ningependa uchukue kuliko yote. Nilitia alama kwenye stadi moja na kwenye tundu la rimu lililoikalia. Nikavua gurudumu, nikalirudisha palepale, tundu lilelile stadi ileile, nikakaza, nikapima tena. Rimu iliyopinda itasoma namba ileile mahali palepale. Habu iliyopinda pia. Yangu ikasoma 0.5, na nundu imehamia robo mzunguko. Nikavua tena, nikarudisha tena, ikasoma 0.7 mahali pengine kabisa. Kitu kinachobadilika kila ukikifunga hakijapinda. Hakijakaa.

Kama namba zingejirudia, hatua ya pili ingekuwa kuizungusha rimu stadi mbili mbele na kupima. Nundu ikihama pamoja na tundu la rimu, rimu ndiyo mbaya. Nundu ikibaki kwenye stadi ileile, habu ndiyo mbaya. Lakini hatukufika huko.

Nikavua gurudumu nikachungulia tundu la katikati. Habu ya gari lile ina shingo ya milimita 54.1, na rimu za kiwandani hukaa juu ya shingo hiyo bila nafasi, ndiyo inayoziweka kitovuni. Rimu zile za mtumba zilitengenezwa kuingia magari mengi, tundu lake ni 73.1. Kati yake huwa panakaa pete ya plastiki au alumini. Magurudumu matatu yalikuwa na pete. La mbele kulia halikuwa nayo. Mwenye gari akakumbuka kwamba aliziba pancha barabarani miezi michache nyuma. Pete ilibaki huko, bila shaka ilidondoka ikatumbukia mtaroni na hakuna aliyejua ni nini.

Kulikuwa na kosa la pili. Nati zilikuwa za kiwandani, zile zenye shingo na washa bapa, wakati rimu zile zina matundu ya umbo la koni yanayodai nati za koni. Nati ya koni ikiingia kwenye koni hujivuta yenyewe mpaka katikati. Washa bapa kwenye koni inagusa mdomo tu, haivuti chochote kitovuni, na mbaya zaidi inalegea. Hata kama gari lako halitetemeki, nati za aina hiyo kwenye rimu za aina hiyo ni hatari. Angalia zako leo.

Sasa utaona kwa nini mashine ya balansi ilisoma sifuri. Juu ya mashine, gurudumu linabanwa kwa koni kubwa inayoingia kwenye tundu la katikati, kwa hiyo linakaa kitovuni vizuri hata kama tundu ni 73. Mashine ilikuwa inasema kweli kuhusu gurudumu. Ila gurudumu lilipofungwa garini lilikuwa nje ya kitovu kwa kama milimita 0.4 au zaidi kidogo. Gurudumu zima lina uzito wa karibu kilo 16. Kilo 16 zikikaa nje ya kitovu kwa 0.4 ni sawa na kusahau risasi ya gramu 34 hivi kwenye ukingo wa rimu, na juu ya hapo kuna yai la 0.8 linalogonga barabara. Balansi ilikuwa inaharibika kila mara walipokaza nati.

Tukapata pete ya 73.1 kwa 54.1 na nati za koni za uzi wa 12 kwa 1.5. Nilizikaza gurudumu likiwa hewani, kwa mtindo wa nyota, kidogo kidogo, kisha nikashusha gari na kumalizia kwa spana ya kupimia nguvu kwenye 103 Nm, namba ya Toyota kwa stadi hizo. Kukaza nati moja mpaka mwisho kwa mashine ya upepo kabla ya nyingine ndiko kunakopeleka rimu upande. Nikapima tena rimu ikasoma 0.25. Nikavua nikarudisha: 0.25. Mara ya tatu: 0.3. Sasa imekaa.

Tairi juu yake likasoma 1.0. Yaani tairi lenyewe lina makosa yake ya kama 0.8, na nundu yake ilikuwa inaangukia karibu na nundu ya rimu. Hapo ndipo alama za chaki zilipolipa. Nilitoa upepo, nikazungusha tairi juu ya rimu mpaka nundu ya tairi ikakaa juu ya bonde la rimu, nikajaza upepo, nikapima: 0.6. Sikubadilisha tairi wala rimu, nimewapatanisha tu. Kisha balansi upya, kwa sababu ukishahamisha tairi risasi za zamani hazina kazi. Kwenye 100 usukani ulishikwa kwa vidole viwili.

Kwako, basi, kabla hata ya geji, vua magurudumu manne uangalie kama kila moja lina pete na kama nati zinafanana na matundu. Rimu za mtumba zinanifanya nishuku hapo kwanza. Ukikuta pete zote zipo na hazijapasuka, fuata mpango wa geji: tairi, rimu, funga-fungua-pima, stadi mbili mbele, habu. Andika kila namba na mahali nundu ilipo ukilinganisha na valvu. Ukitegemea kumbukumbu, kufika gurudumu la tatu utakuwa umechanganya.

Nikuambie pia geji isichoweza. Inapima tairi likiwa halijabeba kitu. Kuna matairi ya duara kamili kabisa kwa geji, lakini upande mmoja wa mpira ni mgumu kuliko mwingine, na yakibeba gari yanatenda kama yai. Hilo hugunduliwa na mashine za balansi zenye rola inayokandamiza tairi likizunguka, na hazipo kila mji. Ukikosa mashine hiyo, hamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukitoka kwenye usukani ukahamia kwenye kiti, mgonjwa ni moja ya matairi uliyopeleka nyuma hata kama geji imelisafisha. Usukani ukibaki vilevile na matairi mengine, namba za rimu zote zikiwa nzuri, rudi kwenye habu na bushi za mbele. Bushi ya kontroli amu iliyochoka haileti mtetemo yenyewe, ila inaufanya mtetemo mdogo ambao gari zima lingeumeza uonekane mkubwa.

Na ukishafunga pete na nati mpya, kaza tena kwa spana ya kupimia nguvu baada ya kilomita 50 hadi 100, maana nati na rangi ya rimu hukaa taratibu. Nikiona zimelegea hata kidogo wakati huo, huwa navua gurudumu na kupima kimo cha rimu upya kabla ya kuliachia.